Samaki ni wako, njia si yako: somo la meli Saiga

Waheshimiwa walimu, wazazi mliokuja, na ninyi vijana mnaomaliza mafunzo ya ubaharia, asanteni kwa kunikaribisha. Mkuu wenu ameniomba niseme juu ya sheria ya bahari, nikamjibu kwamba mimi si wakili. Mimi nimekula chumvi kwenye meli za mafuta, na zamu zangu nyingi zilikuwa za usiku. Lakini iko kesi moja ambayo kila afisa wa meli ya mafuta wa rika langu aliisikia, na wengi wetu tuliifahamu sheria kwa sababu yake. Kwa hiyo leo sitawasomea vifungu kimoja baada ya kingine. Nitawasimulia habari ya meli iitwayo Saiga, na sheria tutaiokota njiani.

Ilikuwa tarehe 27 Oktoba 1997, pwani ya Gine, Afrika Magharibi. Saiga ilikuwa meli ya mafuta inayopeperusha bendera ya Saint Vincent na Grenadini, visiwa vya huko Karibi. Biashara yake mnaijua: kuzifuata meli za uvuvi huko huko ziliko na kuziuzia dizeli, zisipoteze siku kurudi bandarini. Siku hiyo, tangu saa kumi alfajiri mpaka saa nane mchana, iliziwekea mafuta meli tatu za uvuvi. Mbili zilikuwa za Senegali, moja ya Ugiriki, na zote tatu zilikuwa na leseni ya Gine ya kuvua. Mahali penyewe palikuwa kama maili 22 kutoka kisiwa cha Alcatraz, ambacho ni cha Gine. Ishikeni namba hiyo 22, itatusaidia baadaye.

Kazi ilipokwisha, Saiga ikaelekea kusini kukutana na wateja wengine. Asubuhi ya tarehe 28 ilikuwa imezima mwendo, inaelea tu ikisubiri, kusini kidogo ya mpaka wa ukanda wa kiuchumi wa Gine. Yaani ilikwisha kutoka. Yapata saa tatu asubuhi boti za doria za Gine zikaifikia, zikaifyatulia risasi, askari wakapanda. Watu wawili melini walijeruhiwa, mmoja baharia wa Ukraini na mwingine fundi wa kupaka rangi wa Senegali. Meli ikapelekwa Conakry, nahodha akawekwa ndani, na tani zaidi ya 4,900 za dizeli zikashushwa. Mwezi Desemba mahakama ya Conakry ikamtia nahodha hatiani kwa kuingiza mafuta kwa magendo, ikamtoza faini ya zaidi ya faranga bilioni 15 za Gine.

Sasa niulizeni: Gine ilikosea wapi? Kijana mmoja pale nyuma anatikisa kichwa kana kwamba haikukosea. Bahari yao, wavuvi wana leseni yao, mafuta hayakulipiwa ushuru. Mtu akiuza dizeli sebuleni kwako bila kukuuliza, si utamshika?

Hapo kwenye neno "sebuleni" ndipo pana kazi. Tuanze nchi kavu twende nje.

Nchi ya pwani huchora mstari wa msingi, ambao kwa kawaida hufuata maji yanapofika yakikupwa kabisa. Nyuma ya mstari huo, bandarini na ndani ya hori, ni maji ya ndani, na hapo ni sebuleni kweli. Kutoka kwenye mstari huo unahesabu maili 12 za baharini kwenda nje, na maili ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo ni kama kilomita 22. Hiyo ndiyo bahari ya kitaifa. Ukisimama ufukweni hapa Tanga, macho yako yanakomea kama kilomita tano tu, baada ya hapo dunia imejipinda. Kwa hiyo hata bahari ya kitaifa yenyewe, sehemu yake kubwa huioni ukiwa umesimama mchangani.

Ndani ya maili hizo 12 sheria za nchi zinatumika, polisi wake, forodha wake, hata anga ya juu ni yake. Ila iko ruhusa moja ambayo nchi haiwezi kuinyima meli ya kigeni: kupita bila kuleta madhara. Apite moja kwa moja, asitie nanga bila sababu, asivue, asifanye mazoezi ya silaha, asipakie wala kushusha bidhaa kinyume na sheria ya forodha. Akifanya hivyo apite zake.

Baada ya hapo unaongeza maili 12 nyingine, mpaka maili 24 kutoka mstari wa msingi. Huu tuuite ukanda wa jirani. Hapa nchi haina tena mamlaka kamili. Ina ruhusa ya kulinda mambo manne: forodha, kodi, uhamiaji na afya. Na hata hayo, kwa namna ya mlinzi wa mlangoni: anamzuia anayekuja kuvunja sheria ndani, au anamkamata anayetoka baada ya kuivunja ndani.

Kisha unafika ukanda wa kiuchumi, ambao unakwenda hadi maili 200 kutoka mstari ule ule wa msingi, karibu kilomita 370. Nami hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukanda huu ni wazo lililotoka kwetu. Mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, ndiye aliyelipeleka mbele ya nchi za Asia na Afrika kwenye mkutano wa Lagos, Januari 1972, na Agosti mwaka huo Kenya ikalifikisha Umoja wa Mataifa kwa maandishi. Shida iliyokuwepo ilikuwa hivi. Nchi kadhaa za Amerika ya Kusini zilikuwa zinadai maili 200, na baadhi zilizidai kama bahari yao kabisa. Mataifa yenye manowari na meli za biashara yalikataa katakata, kwa hofu kwamba njia za dunia zitafungwa. Nasi wa Afrika tulikuwa tunatazama meli kubwa za uvuvi kutoka mbali zikikomba samaki mbele ya milango yetu. Wazo la Kenya lilikata katikati: mpe mwenye pwani mali, mwachie msafiri njia. Ndilo lililoingia kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwezi Desemba 1982.

Kwa hiyo ukiwa maili 100 kutoka pwani ya Tanzania, samaki aliye chini yako ni wa Tanzania, gesi iliyo chini ya sakafu ya bahari ni ya Tanzania, hata umeme ukitaka kuuzalisha kwa mawimbi au upepo utaomba ruhusa ya Tanzania. Lakini maji yenyewe kama njia si ya Tanzania. Meli ya nchi yoyote inapita, ndege inaruka juu, nyaya za mawasiliano zinalazwa chini, karibu sawasawa na huko nje zaidi kwenye bahari kuu, ambako meli inasimamiwa na nchi ya bendera yake peke yake, isipokuwa kwa mambo machache kama uharamia au meli isiyo na utaifa wowote.

Hapa kwetu maneno yenyewe huwachanganya watu. Tanzania tuna Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, na kazi yake iko ndani ya ukanda wetu wa kiuchumi, yaani kabla ya maili 200. Mwanasheria wa kimataifa akisema bahari kuu anamaanisha kule baada ya maili 200, kusiko na mwenyewe. Neno moja, sehemu mbili tofauti za ramani. Mkisoma karatasi za leseni, tazameni inasema ipi.

Turudi kwa Saiga. Saint Vincent, kama mwenye bendera, iliipeleka Gine mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoko Hamburg, Ujerumani. Ilikuwa kesi ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo. Tarehe 4 Desemba 1997 mahakama iliamuru meli iachiwe kwa dhamana ya dola 400,000, lakini meli haikutoka Conakry mpaka tarehe 28 Februari 1998. Hukumu yenyewe ya msingi ikaja tarehe 1 Julai 1999.

Gine ilijitetea kwamba sheria yake ya forodha inafika kilomita 250 kutoka pwani, na kwamba nchi maskini inayotegemea ushuru wa mafuta ina haki ya kulinda pato lake kokote liendako. Mimi nawaelewa. Lakini mahakama ilitazama orodha ya mambo ambayo Mkataba umempa mwenye pwani ndani ya ukanda wa kiuchumi, na forodha haimo, isipokuwa juu ya visiwa bandia na mitambo iliyojengwa humo, kama majukwaa ya kuchimbia mafuta. Ukimruhusu mtu aongeze forodha leo kwa jina la masilahi ya umma, kesho ataongeza kodi ya kupita, na keshokutwa ukanda wa kiuchumi umekuwa bahari ya kitaifa ya maili 200. Yaani lile lililokataliwa toka mwanzo lingerudi kwa mlango wa nyuma.

Mwenye masikio makali ataniuliza: mbona Saiga iliuza mafuta maili 22 kutoka kisiwa, si ndani ya ukanda wa jirani, wenye ruhusa ya forodha? Swali zuri, na hapo ndipo utetezi wa Gine ungeweza kupata pumzi kidogo. Lakini hawakuikamata pale. Waliikamata siku ya pili, mbali, nje ya maji yao yote. Ili ukamate meli nje, sheria inakupa njia moja: kuikimbiza bila kuiachia tangu ilipokuwa ndani.

Haki hii ya kukimbiza ina masharti, na lazima yatimie yote, moja likikosekana haki imekufa. Uwe na sababu ya kweli ya kuamini kwamba meli imevunja sheria unayoruhusiwa kuisimamia mahali hapo. Uipe amri ya kusimama, kwa ishara inayoonekana au sauti inayosikika, ukiwa umbali ambao kweli wataiona au kuisikia, na uitoe kabla mbio hazijaanza. Kisha usiachie mbio hata kidogo. Na ikiingia bahari ya kitaifa ya nchi yake au ya nchi nyingine, mbio zimekwisha.

Pimeni ya Gine kwa kipimo hicho. Walisema kwamba saa kumi alfajiri ya tarehe 28 boti yao kubwa iliiona Saiga kwenye rada. Umbali? Kama maili 40. Kilomita zaidi ya 70! Ni king'ora gani kinasikika kilomita 70? Taa gani? Walisema boti ndogo ilipofika karibu ilipiga king'ora na kuwasha taa ya buluu inayozunguka. Mahakama ikasema hata kama ni kweli, ishara ilikuja mwisho wa mbio, si mwanzo. Tena boti ile ndogo ilikuwa imetumwa kaskazini tangu tarehe 26 kuitafuta Saiga, na ziliposikika habari kwamba meli imegeuza njia, ikaitwa irudi. Kuitwa kurudi ni kukatiza mbio. Na mwanzoni kabisa, walichokuwa nacho mkononi kilikuwa shaka tu. Hakuna hata sharti moja kati ya haya lililosimama.

Wale miongoni mwenu mtakaokwenda kwenye vyombo vya doria, hapa ndipo kesi zinaposhindwa, na huwa zinashindwa kwenye daftari la zamu. Saa ngapi mlimwona, alikuwa wapi kwa latitudo na longitudo, mlimpa ishara gani, umbali gani, saa ngapi, na kama kuna dakika mlimpoteza. Mambo hayo yakikosekana, wakili wa upande wa pili hana haja ya kusema mengi.

Jambo la risasi halikuchukua muda. Saiga ilikuwa imejaa karibu pomoni, imezama chini kiasi kwamba sitaha iko karibu na maji, na mwendo wake ukikazana ni maili 10 za baharini kwa saa. Boti ya doria inaifikia na kuipanda kama mtu anayedandia mkokoteni. Lakini waliifyatulia silaha nzito bila onyo, na walipokwisha kupanda, wakapiga risasi ovyo sitahani na kuzitumia kuisimamisha injini. Meli iliyojaa dizeli, jamani. Mahakama ilisema utaratibu wa baharini unajulikana: kwanza ishara, zikishindwa unafyatua mbele ya pua ya meli, na nguvu kamili ni ya mwisho kabisa, tena baada ya onyo, huku uhai wa watu ukilindwa kwa kila namna. Gine ikaamriwa kulipa dola 2,123,357 pamoja na riba.

Kuna mwenzetu mmoja kwenye benchi lile ambaye hakukubali. Jaji Joseph Warioba, yule yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, alikuwa jaji wa Hamburg miaka hiyo. Uamuzi mkuu ulipita kwa kura 18 dhidi ya 2, na hizo mbili ni yake na ya Jaji Ndiaye wa Senegali. Hoja ya Warioba ilikuwa ya karatasi, na mabaharia tunapaswa kuipenda. Usajili wa muda wa Saiga ulikwisha tarehe 12 Septemba 1997. Ilikamatwa tarehe 28 Oktoba. Cheti cha kudumu kilitoka tarehe 28 Novemba. Siku ya kukamatwa, je, ilikuwa na bendera? Na kama haikuwa nayo, Saint Vincent inadai kwa niaba ya nani? Walio wengi walijibu kwamba Saint Vincent haikuacha kuitambua kama meli yake, na Gine yenyewe haikulitilia shaka jambo hilo mapema. Mimi kwa maoni yangu walio wengi walikuwa sahihi, kwa sababu vinginevyo watu waliopigwa risasi wangekosa pa kulia kwa ajili ya muhuri uliochelewa. Lakini hoja ya mzee wetu ilitikisa. Ukipanda meli yoyote, omba kuona cheti cha usajili na usome tarehe.

Najua mtu ataniuliza kuhusu Tawariq, ile meli iliyokamatwa kwenye ukanda wetu wa kiuchumi mwezi Machi 2009, iliyotuachia "samaki wa Magufuli". Hiyo ni tofauti na Saiga, kwa sababu tuhuma yake ilikuwa uvuvi, na samaki ni haki yetu kamili. Kupanda, kukagua, kukamata, kushtaki, yote Mkataba unaruhusu. Ila unafunga breki mbili ambazo watu wengi hawazijui. Meli na mabaharia waachiwe upesi wakishaweka dhamana ya kutosha. Na adhabu ya kosa la uvuvi ndani ya ukanda wa kiuchumi isiwe kifungo, isipokuwa nchi husika zimekubaliana hivyo. Kule watu walikaa ndani miaka, walitiwa hatiani mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu. Meli ilioza bandarini. Faini kubwa na dhamana ya fedha taslimu ingetuingizia kitu. Chuma kilichooza hakikuingiza chochote.

Nimalizie na lile swali la sebule, maana sijalijibu vizuri. Je, kuuza dizeli kwa wavuvi ndani ya ukanda wa kiuchumi ni uhuru wa njia, au ni sehemu ya uvuvi? Kwenye kesi ya Saiga mahakama ilikataa kulijibu, ikasema si lazima. Sisi wa meli za mafuta tulikaa na giza hilo miaka 15.

Likajibiwa tarehe 14 Aprili 2014. Meli ya mafuta ya Panama, Virginia G, ilikuwa imekamatwa mwezi Agosti 2009 kwenye ukanda wa kiuchumi wa Gine-Bisau ikiziwekea mafuta meli za uvuvi za Moritania. Safari hii nchi ya pwani haikusema forodha. Ilikuwa na sheria ya uvuvi inayotaka kila anayewapa wavuvi mafuta apate kibali cha maandishi, na alipie. Mahakama ikakubali: mafuta ya mvuvi yanamsaidia kuvua, kwa hiyo mwenye samaki anaweza kuyasimamia. Meli ya mafuta inayomwuzia mteja asiye mvuvi, hilo haliihusu.

Kwa hiyo kama Gine mwaka 1997 ingeandika sharti hilo kwenye zile leseni tatu ilizozitoa yenyewe, huenda ingekuwa na kesi ya kusimama nayo. Gine-Bisau iliandika, na bado ilitoka Hamburg ikiwa na deni. Virginia G ilikuwa na barua za ruhusa ilizozielewa vibaya, haikuwa na hila, na Gine-Bisau ikaitaifisha meli nzima pamoja na mafuta yote yaliyomo, ikaizuia bandarini miezi 14. Mahakama ikasema adhabu imezidi kosa, ikaiamuru ilipe dola 388,506 kwa ajili ya mafuta na yuro 146,080 kwa matengenezo ya meli.

Karibuni kwa maswali. Yule kijana aliyetikisa kichwa aanze.